Msosi wa mwezi: Jinsi ya kuandika ujumbe utakaowakutanisha marafiki, na kugawa vyakula bila mtu kudai

KILA grupu la marafiki kwenye WhatsApp lina ujumbe huu umelala mahali: “Wasee tumepoteana sana, tupange msosi siku moja.” Chini yake kuna imoji za moto, “niko ndani” nne au tano, mmoja anauliza “lini?”, kisha kimya. Baada ya miezi mitatu mtu mwingine anauandika upya.

Si kwamba marafiki hao hawapendani. Ujumbe wenyewe ndio umewaachia kazi yote. Haujasema siku, haujasema ni kwa nani, na haujagusa pesa. Kila anayesoma anasubiri mwingine ataje hayo matatu, kwa sababu anayetaja nyumba atadhaniwa ameitoa yake, na anayetaja pesa ataonekana mchoyo.

Ajabu ni kwamba sisi Wakenya tunajua sana mambo ya mzunguko. Mama zetu wameendesha chama kwa miaka bila kukosa mwezi hata mmoja: siku inajulikana, kiasi kinajulikana, na zamu ya kila mtu iliandikwa kitambo. Mlo wa mwezi unaweza kwenda vivyo hivyo, ila una ugumu mmoja ambao chama hakina. Kwenye chama kila mtu anatoa kitu kimoja, pesa. Kwenye chakula, mmoja analeta nyama ya zaidi ya Sh1,000, mwingine analeta kachumbari ya Sh200, wa tatu anakanda unga nusu siku, na wa nne anabaki na sufuria chafu wageni wakishaondoka. Wote wanasema “tumechanga sawa”, na wawili kati yao moyoni wanajua si kweli.

Basi ujumbe mzuri lazima usawazishe vitu viwili tofauti. Pesa zisawazishwe kila mwezi. Kazi isawazishwe kwa mzunguko. Ukivichanganya, mtu ataumia.

Kabla ya kuandika grupuni

Tuchukue mfano wa marafiki sita waliomaliza chuo pamoja na sasa wametawanyika Nairobi na viunga vyake. Mmoja yuko Umoja, mwingine Rongai, wa tatu Kahawa West, wa nne Kayole, wa tano South B na wa sita Uthiru. Wawili wameajiriwa, mmoja anauza viatu mtandaoni, mmoja ni mwanagenzi anayelipwa nauli tu, mmoja anafanya vibarua vya kuhariri video, na mmoja bado anaishi kwa wazazi.

Jambo la kwanza ni kiasi cha mchango, na hapa usiitishe kura kwenye grupu. Kura za WhatsApp mara nyingi huonyesha nani amechagua nini. Mwanagenzi akiona wenzake wamechagua Sh1,000, naye atabonyeza Sh1,000, kisha Jumamosi yenyewe atakuwa “mgonjwa”. Mwandikie kila mmoja pembeni swali moja tu: “Kwa mwezi, bila kujinyima, unaweza kutoa ngapi kwa msosi wa pamoja?”

Ukishapata majibu sita, usitafute wastani. Chukua jibu la chini kabisa. Kama watano wamesema kuanzia Sh500 kwenda juu na mmoja akasema Sh400, kikomo chenu ni Sh400, na hakuna haja ya grupu kujua nani alisema. Wenye uwezo hawapotezi kitu kwa kula chakula cha Sh400, lakini asiye na uwezo akibanwa mara mbili hamtamwona tena.

Jambo la pili ni siku. Msichague “wikendi ambayo wengi wako huru”, kwa sababu mtaanza kujadiliana upya kila mwezi. Chagueni kanuni. Jumamosi ya pili ya mwezi inafaa wengi, kwani wa mshahara ameshalipwa na ameshatoa kodi, kwa hivyo kilichobaki mfukoni ni chake kweli. Pia anzeni Februari au Machi, msianze Januari. Njaanuari haina rafiki.

Jambo la tatu ni nani hali nini. Uliza mapema kama kuna asiyekula nyama, anayetaka nyama iliyochinjwa kihalali, au anayedhurika na njugu au mayai. Hili la kudhurika si la kutania. Unga wa njugu ukiingia kwenye mboga, anayedhurika nao hatauona kwa macho.

Ujumbe wenyewe

Sasa andika. Ujumbe utakuwa mrefu kuliko kawaida ya grupu, na ni sawa, mradi kila sentensi inajibu swali ambalo mtu angeuliza. Unaweza kuwa hivi:

“Wasee, habari za wikendi. Tumesema ‘tuonane’ tangu mwaka jana na haitokei, kwa hivyo naleta mpango kamili. Kama kuna kitu hakijakaa poa, semeni turekebishe.

Tule pamoja Jumamosi ya pili ya kila mwezi, kwa miezi sita, Machi mpaka Agosti. Tunafika saa tisa, tunakula saa kumi na moja, na saa moja jioni kila mtu anaanza kurudi kwake.

Zamu ni sita: nyumba, matunda, chapati, mboga, nyama na ndengu. Mwezi wa Machi nyumba ni Umoja, matunda Rongai, chapati Kahawa, mboga Kayole, nyama South B, ndengu Uthiru. Mwezi unaofuata kila mtu anasonga hatua moja kwa mpangilio huo huo: wa nyumba anaenda matunda, wa matunda anaenda chapati, mpaka wa ndengu anakuwa mwenye nyumba. Kufikia Agosti kila mtu atakuwa amefanya kila kitu mara moja.

Kikomo ni Sh400 kwa kila kichwa, jumla Sh2,400. Ukinunua, andika bei hapa au weka picha ya risiti. Jumapili asubuhi tunajumlisha, tunagawa kwa sita, na aliyetumia zaidi anarudishiwa kwa M-Pesa. Tuma na ya kutoa.

Kama hutaweza kufika, sema kabla ya Jumatano usiku. Baada ya hapo chakula chako kishahesabiwa, kwa hivyo mchango wako unabaki palepale.

Kama kuna jambo halikufai, iwe ni pesa, nyumba au umbali, niandikie pembeni tutapata njia. Naomba majibu kabla ya Ijumaa.”

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, ujumbe hauulizi “mnaonaje?” na kuishia hapo. Unaleta mpango uliokamilika na kuomba masahihisho, na ni rahisi kwa mtu kusema “saa tisa nitakuwa bado kazini” kuliko kubuni mpango kutoka sifuri. Pili, una mwisho. Miezi sita ni ahadi ambayo mtu anaweza kuiona mpaka ng'ambo. Ukimwambia rafiki “kila mwezi” bila kikomo, atakubali kwa mdomo huku akijua hatamaliza.

Mkiwa watano, unganisheni zamu ya mboga na ya ndengu, kwani ndizo nyepesi kwa mfuko. Mkiwa saba au wanane, ongezeni zamu ya vyombo: huyo hanunui kitu, ila anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na mchango wake anautoa kwa pesa siku ya hesabu.

Hesabu ya Jumapili asubuhi

Hapa ndipo magrupu mengi huvunjika, kwa hivyo tuifanye yote. Bei hizi ni za mfano. Weka za sokoni kwenu.

Wa South B amenunua kilo moja na nusu ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa kwa Sh900, pamoja na nyanya, vitunguu na viungo vya Sh150. Ametumia Sh1,050. Wa Kahawa amenunua pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili na mafuta, jumla Sh300. Pakiti hiyo inatoa chapati kama 20, na watu sita wakila tatu tatu ni 18, kwa hivyo inatosha. Wa Uthiru ametumia Sh220 kwa nusu kilo ya ndengu, nazi, nyanya na kitunguu. Wa Kayole amemwona mama mboga na kutoka na sukuma wiki na vitu vya kachumbari vya Sh200. Wa Rongai ameleta tikiti maji na maembe ya Sh400.

Mwenye nyumba je? Wengi husahau kwamba naye amelipa. Gesi imewaka saa mbili, maji yameisha kwenye mtungi, sabuni imetumika na chai ya maziwa imepikwa. Gesi haina risiti ya saa mbili, kwa hivyo kubalianeni mwanzoni kiasi kimoja cha kila mwezi kwa yeyote mwenye zamu ya nyumba. Hapa tuseme ni Sh230.

Jumlisha: 1,050 na 300 na 220 na 200 na 400 na 230. Unapata Sh2,400. Gawa kwa sita, kila mtu ni Sh400.

Wa matunda alitumia Sh400 kamili, kwa hivyo hadai wala hadaiwi. Wa chapati alitumia Sh300, anadaiwa 100. Wa ndengu anadaiwa 180. Wa mboga anadaiwa 200. Mwenye nyumba anadaiwa 170. Ukijumlisha madeni hayo unapata Sh650, na hicho ndicho kiasi ambacho wa nyama alitoa zaidi ya Sh400 zake. Wanne wanamtumia yeye moja kwa moja, na kufikia saa nne asubuhi hakuna anayedai mwenzake hata bob.

Utasikia mtu akisema: “Lakini zamu zinazunguka, si kila mtu atanunua nyama siku moja? Ya nini kutumiana pesa?” Hoja hiyo ni sawa tu kama watu wote sita watamaliza miezi sita, na kama bei ya nyama ya Machi itakuwa ile ile mwezi wa Agosti. Akitokea aliyepata kazi Mombasa mwezi wa Mei kabla zamu yake ya nyama haijafika, atakuwa amekula nyama ya wengine na kwenda zake. Ni kisa kile cha chama cha mtu anayepokea wa kwanza kisha simu yake inazimwa, tofauti ni kwamba huyu hakukusudia. Mkisawazisha kila mwezi, mtu anaweza kuhama bila deni na bila kisirani.

Na kama jibu la chini kabisa lilikuwa Sh250? Basi jumla yenu ni Sh1,500, na menyu ndiyo ibadilike, si mtu. Nyama ishuke hadi nusu kilo iliyopikwa na viazi, ambayo pamoja na viungo itafika kama Sh450, na matunda yawe ndizi mbivu za Sh100. Chapati, ndengu, mboga na gharama za nyumba zibaki kama zilivyo. Hesabu inafika Sh1,500 kamili, na mtu anashiba kwa chapati na ndengu.

Kazi haina risiti

Chapati ziligharimu Sh300 tu, lakini muulize aliyezipika. Kukanda, kuacha unga upumzike, kukata, kusukuma na kukaanga moja moja mpaka zifike 18, hiyo ni kazi ya saa mbili hadi tatu akiwa peke yake. Kachumbari ni dakika 20. Kwa pesa wanakaribiana, kwa jasho hawafanani hata kidogo, na hakuna M-Pesa inayolipa mgongo.

Ndiyo maana mpangilio wa zamu kwenye ujumbe haukuwekwa ovyo. Nyumba ni zamu nzito, ikafuatwa na matunda ambayo ni nyepesi. Chapati ni nzito, ikafuatwa na mboga. Nyama ni nzito kwa mfuko na kwa muda, ikafuatwa na ndengu, ambazo hujipika zenyewe ukishaziloweka. Hakuna anayebeba mizigo miwili mfululizo. Mkipanga kwa alfabeti au kwa kura mnaweza kumpa mtu mmoja nyumba mwezi huu na chapati mwezi ujao, na mwezi wa tatu hatashika simu.

Asiyejua kupika naye asilazimishwe. Zamu ya chapati inasema chapati zifike mezani. Haisemi nani azikande. Kama jirani yake anauza chapati kwa Sh20, 18 ni Sh360, na anaandika bei hiyo kwenye grupu kama mwingine yeyote. Mradi jumla haivuki kikomo, hakuna wa kumuuliza.

Zamu ya nyumba ndiyo yenye aibu zake. Anayeishi kwa wazazi huenda hawezi kuleta watu watano na kelele zao sebuleni. Mwenye bedsita anahofia hakuna mahali pa kukaa. Wa bedsita msaidieni kwa mkeka na kila mtu kubeba sahani na kikombe chake. Watu sita wakiketi chini wanaenea. Wa kwa wazazi anaweza kufanya zamu yake katika nyumba ya mwenzake: analipa ile gharama ya gesi na maji, anafika saa saba kusafisha na kupanga, na anabaki kuosha vyombo mpaka sufuria ya mwisho. Mwenye nyumba siku hiyo anafungua mlango tu na kushika zamu yake ya kawaida.

Nini kipikwe wapi

Kosa la mwezi wa kwanza huwa hili: watu watano wanafika na vyakula vibichi kwa mwenye meko moja ya gesi ya kilo sita. Jiko lina moto mmoja. Nyama ikikaa juu saa moja na nusu, ndengu zinasubiri, sukuma inasubiri, na watu wanakula saa tatu usiku huku wa Rongai anaangalia saa.

Kabla ya kila mwezi, muulize mwenye nyumba ana mioto mingapi, kisha mgawe. Chapati zipikwe nyumbani kwa mwenye zamu, zifungwe kwa kitambaa safi na kuwekwa kwenye hotipoti. Zinasafiri vizuri kwenye matatu na hazimwagiki. Ndengu zilowekwe usiku wa Ijumaa, zichemshwe nyumbani mpaka ziive, zibebwe bila mchuzi mwingi, kisha ziungwe kwa nazi na nyanya pale pale kwa dakika 20. Nyama ndiyo ipewe moto wa mwenye nyumba kuanzia saa tisa, kwa sababu mchuzi kwenye matatu ya Thika Road ni kesi ya kumwagikia nguo za watu. Sukuma ikaangwe mwisho kabisa, na kachumbari ikatwe wakati sahani zinapangwa, la sivyo itatoa maji.

Umbali pia ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili, na kile cha kuliwa kikiwa moto kihifadhiwe juu ya nyuzi 60. Kutoka Rongai hadi Kahawa West siku ya jamu, saa hizo mbili zinaisha barabarani. Kwa hivyo wali, maharage au ndengu zilizoiva zipoe haraka, zikae kwenye friji usiku, na zikifika zichemshwe upya mpaka zitokote, si kupashwa vuguvugu. Wali ndio wa kuchunga zaidi: ukiachwa kwenye sufuria ya moto hafifu tangu asubuhi unaweza kuharibika bila kunuka, na kuupasha tena hakuondoi sumu iliyokwisha kujitengeneza.

Ndiyo sababu pia mlo huu unaitwa wa jioni lakini unaliwa saa kumi na moja. Nauli hupanda giza likiingia, mvua ikinyesha hupanda tena, na kwa wasichana wanaoshuka steji za mbali, saa mbili usiku na saa nne usiku si kitu kimoja. Anayetaka kukesha alale hapo hapo kwa mpango na mwenye nyumba.

Nani apakue

Chakula kikishafika mezani, haki inahamia kwenye mwiko. Kila mtu akijipakulia nyama, wa kwanza anapata minofu na wa mwisho anapata mifupa na mchuzi. Njia rahisi ni ile ya nyumbani: mmoja anapakua nyama kwa wote, na ili asijipendelee, anachukua sahani yake mwisho. Mpeni kazi hiyo mwenye zamu ya nyama. Ahesabu vipande kabla ya kupakua. Kilo moja na nusu ikikatwa vipande 30, kila mtu anapata vitano. Chapati, mboga na ndengu kila mtu ajichukulie, raundi ya kwanza kwa kiasi, ya pili wote wakishapata.

Asiyekula nyama asilipie nyama kimyakimya miezi sita. Kama ni mmoja kati ya sita, ondoa gharama ya nyama kwenye hesabu yake. Katika mfano wetu, vyakula vingine na gharama za nyumba vilikuwa Sh1,350, ambazo kwa sita ni Sh225. Huyo analipa Sh225. Nyama ya Sh1,050 inagawanywa kwa watano, Sh210 kila mmoja, na hao wanalipa Sh435. Kwa vile mmeongeza Sh35 juu ya kikomo, punguzeni nyama: wakiwa watano, kilo moja na robo inatosha.

Mabaki nayo yana mwenyewe. Kubalianeni kwamba yanagawanywa kwa anayetaka kufungiwa, na mwenye nyumba anachagua wa kwanza, kwa kuwa ndiye atakayeosha sufuria. Mwambie kila mtu abebe kontena tupu. Nyama isiyoliwa ikibaki kwa mtu mmoja kila mwezi, watu wataanza kuhesabu.

Dalili kwamba mpango unayumba

Ukiona bei hazijaandikwa grupuni kufikia Jumapili mchana, usingoje. Andika ya kwako kwanza, kisha umwulize kila mmoja pembeni. Deni la Sh170 likilala mwezi mzima, aliye nalo ataona aibu kuja, na anayedai ataona aibu kuuliza, na wote wawili watakosekana kwa sababu ya bei ya pakiti moja ya unga.

Ukiona mtu anakosa mara mbili mfululizo katika zamu zake nzito tu, usimkalie kwenye grupu. Huenda ni mvivu, au huenda ile Sh1,050 ya kununua nyama Ijumaa hana mkononi, hata kama atarudishiwa Sh650 Jumapili. Hapa kuna dawa: kwa zamu ya nyama, wenzake wamtumie michango yao Alhamisi badala ya Jumapili. Mnaweza kufanya hivyo kwa kila mtu, ili isiwe ni huruma kwa mmoja.

Na ukiona menyu inapanda, nyama ikawa mbuzi, juisi ikawa ya chupa, mmoja akaleta keki “ya kwake tu, msijali”, rudisha kikomo. Zawadi ya mmoja mwezi huu inakuwa kipimo cha mwenzake mwezi ujao, na yule aliyekwambia Sh400 pembeni ndiye wa kwanza kuhisi. Keki ya siku ya kuzaliwa, sawa. Keki ya kila mwezi iingie kwenye hesabu au ibaki nyumbani.

Agosti ikifika na kila mtu ameshika zamu zote sita, mwulizeni kila mmoja tena pembeni lile swali la kwanza la kiasi. Kuna aliyepata kazi na kuna aliyeipoteza. Kisha andikeni ujumbe mpya wenye kikomo kipya, na raundi ya pili ianze kwa nyumba ya yule ambaye Agosti alishika ndengu.